Bwana Harusi Mwenye Majina Yetu

Msomaji uliyelifungua gazeti hili kabla hata ya kugusa chai, najua unachokitafuta, kwa hiyo sitakuzungusha. Shangazi Josephina bado amesimama.

Amesimama pale pale tulipomwacha wiki iliyopita, katikati ya misa, kanisa zima la Mpanda limemgeukia, na kidole chake kimemlenga bwana harusi mtarajiwa. Katekista ndiyo kwanza amemaliza kusoma tangazo la ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho: Thadei Stanslaus Thadei wa Ikola anatarajia kufunga ndoa na Recho Stanslaus Thadei wa Kabungu. Mwenye kujua kizuizi aseme.

"Mimi nakijua," alisema Shangazi Josephina. "Hao ni ndugu. Babu yao ni mmoja."

Recho aligeuka kumtazama shangazi yake. Jumapili mbili zilizopita watu walikuwa wanacheka chini chini majina hayo yakisomwa, na yeye alicheka nao. Alidhani ni bahati tu kwamba mwanamume aliyempenda, muuza vipuri vya pikipiki mwenye sauti ya upole, alikuja na majina yale yale ya marehemu baba yake. Siku moja hata alimwambia, "Yaani wewe ukinioa sibadilishi hata kitambulisho." Sasa utani ule ulikuwa umemgeukia mbele ya waumini wote na kwaya juu.

Padri Deusdedit, mtu asiyependa makelele madhabahuni, alifunga kitabu chake. "Nendeni ukumbini," alisema. "Mtanipa jibu kabla ya ibada ya jioni. Mkinionyesha hawa si ndugu, Jumamosi nafungisha ndoa. Mkishindwa, hakuna ndoa."

Ukumbi wa parokia ulijaa kuliko kanisa lilivyokuwa limejaa, maana watu wa Mpanda misa wanaweza kuikosa, lakini kikao cha namna hii hawakosi. Mbele ilikaa kamati ya harusi, na mbele ya kamati alikaa Baba mdogo Danford, mdogo wake marehemu baba yake Recho. Danford ni mwenyekiti wa kamati hiyo. Ni mwenyekiti pia wa kamati ya mazishi, ya kisima, na ya kumpongeza mkuu wa wilaya aliyehamishwa. Mtu huyu akiona viti viwili vimekaribiana, anafungua kikao.

"Agenda ya kwanza," alisema Danford, "ni kufungua kikao. Nakifungua. Agenda ya pili, dada yangu Josephina atoe maelezo."

Shangazi Josephina alijifunga kitenge vizuri. Alikuwa na maelezo, na alikuwa ameyaandaa.

"Baba yetu, Thadei Stanslaus, mzee wa Kabungu, kila mtu anamkumbuka," alianza. "Ujanani alikuwa akishuka ziwani kununua dagaa. Anakaa Ikola mwezi, anakaa miwili. Sasa nyie mniambie. Huyu kijana anatoka Ikola. Babu yake aliitwa Thadei Stanslaus. Baba yake anaitwa Stanslaus, kama marehemu kaka yangu, baba yake Recho. Huyo Thadei wa Ikola ni nani kama siyo baba yetu aliyekuwa na mke wa pili ziwani? Mienendo ya baba yangu naijua."

Ukumbi ukaguna. Wanawake wawili wa kamati ya chakula walitazamana kwa huzuni kubwa, ile huzuni ya watu wanaofurahi.

"Na kama mnataka ushahidi zaidi," Shangazi aliendelea, "mwangalieni wifi yangu Scolastica. Mama mzazi wa binti. Tangu huyu kijana aanze kuja nyumbani, hajawahi kumwita kwa jina. Ni 'yule kijana', 'yule wa Ikola'. Moyo wa mama unakataa."

Watu wote wakamgeukia Mama Scolastica, aliyekuwa amekaa pembeni akikunja na kukunjua leso.

"Moyo wangu haujakataa kitu," alisema Mama Scolastica taratibu. "Mtoto nampenda. Jina ndilo siwezi kulitaja. Amebeba jina la baba mkwe wangu. Mimi nimeolewa Kabungu miaka yote hii, jina la baba mkwe sijawahi kulitia mdomoni, nianze leo kulitaja kwa mkwe?"

Thadei, bwana harusi, aliinua kichwa. Masikini, miezi yote hiyo alidhani mama mkwe hampendi, na alishanunua kuku mara tatu kumlainisha.

Lakini Danford hakuwa na nafasi ya mambo ya moyo. Aligonga meza.

"Ndugu wajumbe, tusipoteze muda. Tuangalie hali halisi. Ukumbi wa sherehe tunao. Sare za vitenge zimeshashonwa. Keki imeagizwa Sumbawanga. MC ameshaanza kupika utani. Kilichopungua ni bwana harusi peke yake, na katika mahitaji yote ya harusi, hicho ndicho chepesi kupatikana."

Recho alifikiri hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

"Napendekeza," alisema Danford, "tusivunje harusi. Tubadilishe bwana harusi. Na kwa bahati njema, mlezi wa kamati yetu, ndugu Bartolomeo, hana mke."

Bartolomeo alikuwa amekaa kiti cha mbele, kile chenye kitambaa. Ni mkandarasi wa barabara, mwanamume mwenye gari jeupe refu na kitambi kinachokwenda sambamba nalo. Alitazama chini kama mtu aliyeshtukizwa, huku suti aliyovaa ikiwa ni ya rangi ile ile ya maua ya harusi.

"Mimi ni mtumishi tu," alisema. "Kamati ikiniona nafaa, siwezi kuikatalia kamati."

"Na uzuri wake," Danford aliongeza, "msikilizeni majina. Bartolomeo Amosi Antoni. Hana hata jina moja linalogusa ya kwetu. Udugu hapo utatokea wapi? Anayeunga mkono?"

Mikono ilianza kunyooka. Kamati ya mapambo yote, msomaji, yote, iliunga mkono.

Recho akainuka. Alikuwa mwanamke wa saluni, aliyezoea kusikiliza habari za watu huku mikono ikisuka, na jambo moja alilijua: mtu akizungumza juu ya nyumba yake, majina hayadanganyi kirahisi. Maneno ya mama yake yalikuwa yamemgutusha. Kama mama hawezi kutaja jina kwa sababu ni la baba mkwe, basi majina haya hayakuokotwa njiani. Kila moja lilikuwa na mwenyewe.

"Padri," alisema, maana Padri Deusdedit alikuwa ameingia na kuegemea mlango, "naomba niulize majina."

"Agenda hiyo haipo," alisema Danford.

"Iwepo," alisema Padri.

Recho alisogea mbele. "Kwetu Kabungu mtoto hatungiwi jina. Wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba. Wa pili, la babu mzaa mama. Wa tatu, la ndugu wa baba. Wa kike wa kwanza anapewa la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Babu Thadei baba yake alikuwa Stanslaus, ndiyo maana mtoto wake wa kwanza, baba yangu, akawa Stanslaus. Mimi ni Recho kwa sababu mama yake baba alikuwa Recho. Shangazi, wewe huniitaje?"

"Nakuita mama," alisema Shangazi Josephina kwa kusitasita. "Una jina la mama yangu, nitakuitaje?"

"Ikola wanafuata hivyo hivyo?" aliuliza Padri.

"Hivyo hivyo," alijibu Thadei. "Mimi ni wa kwanza, nina jina la babu. Baba ni wa kwanza, ana jina la babu yake. Thadei anazaa Stanslaus, Stanslaus anazaa Thadei. Yanapokezana."

"Sasa hapo ndipo penye jambo," alisema Recho. "Ndugu wawili wakioa, kila mmoja mtoto wake wa kwanza anampa jina la baba yao. Kwa hiyo watoto wa ndugu wanafanana jina la kwanza, lakini la pili haliwezi kufanana, maana la pili ni la baba, na ndugu wawili wa tumbo moja hawaitwi jina moja. Babu wa Ikola ni Thadei Stanslaus. Wa Kabungu ni Thadei Stanslaus. Wamefanana la kwanza na la pili. Kwa hiyo hawawezi kuwa ndugu, wala watoto wa ndugu. Ama ni mtu mmoja, ama ni watu wasiohusiana kabisa."

"Ni mtu mmoja," alisema Shangazi. "Ndicho ninachosema tangu asubuhi."

"Tutajua. Shangazi, wewe ni binti wa kwanza wa Babu Thadei. Jina lako umerithi kwa nani?"

"Kwa bibi. Mama yake baba. Aliitwa Josephina."

"Basi kama Babu Thadei wa Ikola ni yule yule, mama yake ni yule yule Josephina. Na binti yake wa kwanza wa Ikola lazima naye awe Josephina, hata kama mama ni mwingine. Thadei, shangazi yako mkubwa anaitwa nani?"

"Christina," alisema Thadei.

Ukumbi ukapumua. Kijana mmoja wa kwaya alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Lakini Shangazi Josephina hakuwa mtu wa kuangushwa na pigo la kwanza. Alitabasamu, na tabasamu lile Recho alilijua, lilimwogopesha tangu utoto.

"Christina ni wa kwanza kwa waliobaki hai," alisema. "Waliokufa wadogo nani amewahesabu? Labda dada mwingine alimtangulia, akafa na jina la Josephina. Muulize huyo mchumba wako kama anajua."

Thadei hakujua. Uso ulimshuka.

"Anayejua ni Bibi yako wa Ikola," alisema Recho. "Tumpigie."

"Bibi hasikii vizuri," alisema Thadei haraka. "Na mtandao wa Ikola unasumbua. Tumpigie shangazi, tusimsumbue mzee."

Ukumbi uliona ile haraka. Mimi niliiona, na wewe umeiona. Danford aliiona zaidi, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Recho pia aliiona, akadhani ni woga wa jibu, kwa sababu na yeye alikuwa na woga huo huo. Akampigia Shangazi Christina, akaweka sauti kubwa, akamwomba ampelekee Bibi simu nyumba ya pili.

Zikasikika ndala zikiburuzwa kwenye mchanga, kuku akifukuzwa, kisha sauti ya kizee, kali na safi kabisa. Huyu ndiye mtu asiyesikia vizuri.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo Bibi. Ni Recho wa Mpanda."

"Ah, mke mwenzangu. Marahaba." Bibi alicheka. Mjukuu mwenye jina la mumewe alikuwa mume wake, kwa hiyo atakayemuoa ni mke mwenziwe, na utani huo bibi wa Ikola hauachi hata msibani. "Mume wetu mzima?"

"Mzima, Bibi. Bibi, nina swali zito kidogo, unisamehe. Kabla ya shangazi hajazaliwa, kulikuwa na mtoto mwingine wa kike?"

Recho aliisogeza simu karibu zaidi.

"Alikuwepo," alisema Bibi. "Alikuwa binti yangu wa kwanza. Hakukaa sana, alikwenda na surua."

Guno likapita ukumbini. Shangazi Josephina alikaa chini polepole, kwa raha, kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba. Bartolomeo alinyoosha tai.

"Aliitwa nani, Bibi?"

"Siwezi kulitaja."

"Bibi, tafadhali. Mambo yangu yote yamesimama hapo."

"Mwanangu, utanipiga bure. Lile ni jina la mama mkwe wangu. Sijalitaja akiwa hai, nitalitaja leo kwenye simu, watu wa Mpanda wanasikiliza?"

Danford alifungua mikono kuonyesha kwamba kamati imefanya ilichoweza. "Shahidi amekataa kutoa ushahidi," alisema. "Twende kwenye kura."

Padri Deusdedit aliiinamia simu. "Mama, mimi ni Padri. Jina usilitaje. Tuambie tu, lilipokufa na mtoto, lilipotea?"

"Lipotee vipi, Padri?" Bibi alishangaa, kama aliyeulizwa kama jua limechomoza. "Deni la mama mkwe linapotea? Nilipozaa msichana mwingine likarudishwa lile lile. Wengine wanaogopa kulirudia, sisi hatukuogopa. Ndiye huyu mama mkwe aliyeniletea simu, amesimama hapa ananitolea macho."

Aliyemletea simu, kama unakumbuka, ni Christina.

Hapo hata wale wasioelewa walielewa. Mtoto aliyekufa alikuwa Christina, aliyemfuata akapewa Christina, na mama yao maisha yake yote amekuwa akimwita binti yake wa kumzaa "mama mkwe". Kwa hiyo mama wa Babu Thadei wa Ikola alikuwa Christina. Mama wa Babu Thadei wa Kabungu alikuwa Josephina. Mtu mmoja hazaliwi na mama wawili, hata awe mnunuzi wa dagaa wa namna gani.

"Watu wanavunja desturi lakini," alisema Padri kwa tahadhari ya kazi yake. "Jina moja peke yake ni dokezo tu."

"Ndiyo, Padri. Ndiyo maana hatuangalii jina tu. Tunaangalia na namna anavyoitwa nyumbani. Bibi asingemwita binti yake mama mkwe kama jina lile lingekuwa la jirani."

Padri alitikisa kichwa kukubali. Recho angeweza kukaa hapo. Thadei alikuwa ameshamshika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Lakini hasira ya asubuhi ilikuwa bado haijapoa, na macho yake yalitua kwenye kile kiti chenye kitambaa.

"Ndugu Bartolomeo," alisema. "Na wewe nikuulize. Kwenu desturi ni ipi?"

"Sisi ni watu wa mjini," alisema Bartolomeo. "Ila majina wazee walifuata hayo hayo."

"Wewe ni wa ngapi?"

"Wa pili kwa wanaume."

"Kwa hiyo Bartolomeo ni babu yako mzaa mama. Na baba yako, Amosi?"

"Naye ni wa pili."

"Kwa hiyo naye jina lake ni la upande wa mama yake." Recho aliwageukia wajumbe. "Mnaona? Ndiyo maana majina yake hayafanani na yetu. Yote mawili ni ya ukweni. Mtoto wa pili habebi ukoo wa baba kwenye jina lake, ukoo ameubeba kaka yake. Ukitaka kumjua mtoto wa pili, muulize habari za mkubwa wake. Baba yako mkubwa, kaka yake baba, aliitwa nani?"

Bartolomeo alijikuna shingo. "Stanslaus."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Majina ya Stanslaus yako mengi," Danford alisema.

"Mengi sana, Baba mdogo. Jina moja halitoshi, Padri amesema. Ndugu Bartolomeo, babu yako Antoni, binti yake wa kwanza ni nani?"

Bartolomeo alitazama mlangoni. Alikuwa mkandarasi, shimo analitambua akiwa ameshaingia.

"Shangazi Josephina," alisema.

Shangazi Josephina wa kwetu aliitika kwa mazoea, kisha akanyamaza.

"Stanslaus na Josephina," alisema Recho. "Mume na mke, nyumba moja. Antoni mtoto wake wa kwanza wa kiume ni Stanslaus, wa kike ni Josephina. Maana yake baba yake alikuwa Stanslaus na mama yake Josephina. Ndio hao hao wazazi wa Babu Thadei wa Kabungu."

"Inaweza kutokea," Danford alisema, sauti ikiwa imepungua uenyekiti. "Ni nasibu tu. Sisi baba yetu hakuwa na ndugu anayeitwa Antoni. Ningejua."

"Baba mdogo, wewe ni wa ngapi kwa wanaume?"

"Wa tatu. Unajua hivyo."

"Wa kwanza, marehemu baba, Stanslaus, babu mzaa baba. Wa pili, Baba mdogo Aloyce, babu mzaa mama. Wa tatu anapewa jina la ndugu wa baba. Wewe ni Danford. Danford ni nani kwetu?"

Swali hilo Danford alikuwa hajawahi kuulizwa mbele ya watu. Vijana wa vikao vyake amewaambia miaka yote kwamba ni jina la mkuu mmoja wa Kiingereza.

"Mtaje, dada," alisema Padri kwa Shangazi Josephina. Hakuwa anauliza.

Shangazi Josephina alikitazama kidole chake, kile kile cha asubuhi. "Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga," alisema. "Alikuwa akipita Kabungu siku mama alipojifungua. Baba alimwambia, nipe jina lolote, ili mradi lisiwe la ndugu yangu. Baba alikuwa na mdogo wake, Antoni. Hakuja kumzika baba yao, alibaki mjini na kazi za reli. Baba akasema jina lake halitaingia nyumbani kwake. Mimi nilikatazwa kulisema. Ila kwamba huyu hapa ni mjukuu wake, nakula kiapo, sikujua."

Ikawa hivyo, msomaji. Mwenye jina la baba na la babu sawa na ya bibi harusi alikuwa mgeni kabisa, na asiye na hata moja linalofanana alikuwa kaka yake. Kamati ya mapambo ilishusha mikono iliyokuwa bado imeunga mkono.

Bartolomeo alihama kile kiti cha mbele. "Basi mimi," alisema, "nitasimama upande wa ukoo wa binti." Mwanamume huyu hakubali kukosa nafasi.

Danford aliikunja karatasi yake mara nne. Unaweza kumcheka, mimi nilicheka, lakini mtu wa miaka hamsini na kitu kujua kwamba jina lake ni pengo la jina la mwingine si jambo dogo. Kisha uenyekiti ukamrudia. "Kamati inathibitisha bwana harusi wa awali," alitangaza. "Hoja imefungwa."

"Jumamosi saa nne," alisema Padri Deusdedit. "Msichelewe."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Mama Scolastica alimkumbatia Thadei na kumwita "baba" kwa mara ya kwanza, akalia. Soda zikaanza kufunguliwa. Recho naye alikuwa analia na kucheka pamoja, na katikati ya vurugu hiyo akakumbuka kwamba simu haijakatwa. Akaiinua sikioni.

"Bibi, bado upo? Tumeshinda, Bibi. Asante sana."

"Nipo, mke mwenzangu. Nasikia vigelegele. Mje basi upesi, huku baba mkwe ananimaliza. Leo amemwaga sinia zima la dagaa."

Recho alicheka. Baba mkwe wa Bibi alikuwa Stanslaus, kwa hiyo Bibi alikuwa anamsema mwanawe mkubwa, baba yake Thadei. "Mzee mzima anamwaga dagaa, Bibi?"

"Mzee gani? Mzee yuko ziwani. Namsema huyu mdogo. Tangu ameanza kutambaa, hakuna kilicho salama."

Vigelegele viliendelea, lakini Recho alivisikia kwa mbali. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na Stanslaus anayetambaa. Hakutaka kuhesabu, akili ikahesabu yenyewe, maana ilikuwa imehesabu mchana kutwa. Bibi alizaa mtoto wa kiume mmoja tu, na huyo naye alizaa mmoja tu wa kiume, Thadei.

"Ni wa wifi, dada yake mume wetu?" aliuliza. Alimtaka Bibi aseme ndiyo. Alimwomba Mungu aseme ndiyo.

"Wa wifi yako yuko kwa baba yake, ni mtoto wa kwanza, amepewa jina la huko huko alikoolewa. Huyu ni wa hapa hapa."

Recho alimgeukia Thadei. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, chupa ya soda mkononi haijaguswa, anaitazama simu. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Haukuwa woga wa udugu uliokuwa umemlowanisha kiganja.

"Bibi," alisema Recho polepole, bila kumwondolea Thadei macho, "mama yake huyo baba mkwe yuko wapi?"

"Si huyu hapa anaanua dagaa. Ngoja nimpe simu, msalimiane."

Zile ndala zikaburuzwa tena kwenye mchanga. Mtoto alisikika akibembelezwa, kisha pumzi ya mwanamke wa rika la Recho ikaja karibu.

"Haloo, dada," ilisema sauti ile. "Nimesikia huko mna harusi. Ni ya nani?"